“Laki Moja kwa Kichwa”: Mkataba Unasemaje?

Masomo yanapokaribia kuanza, madalali wa Changanyikeni na Makongo, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hutangaza nyumba kwa hesabu nyepesi: vyumba vitatu, laki moja kwa kichwa. Mwanafunzi husikia kwamba atadaiwa laki moja tu kwa mwezi. Mkataba unaoletwa baadaye huenda unasema jambo jingine.

Chukua mfano wa wanafunzi watatu waliosaini karatasi moja kama “wapangaji”, kodi ikiwa shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja, inayolipwa kila miezi sita. Awamu ya kwanza inakamilika. Kisha mmoja anaacha chuo na kurudi kwao. Awamu ya pili ni 1,800,000. Wawili waliobaki wana 1,200,000.

Pengo la 600,000 ni la nani? Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema walioahidi kwa pamoja wanaweza kudaiwa ahadi yote, hata mmoja wao peke yake, isipokuwa mkataba umeeleza wazi vinginevyo. Mwenye nyumba halazimiki kumfuata aliyeondoka. Waliobaki wakilipa, wana haki ya kumdai mwenzao fungu lake.

Hapo ndipo mdhamini anapoguswa. Wajibu wake kisheria ni sawa na wa yule anayemdhamini, kama mkataba haukuuwekea mpaka. Mjomba aliyedhani anamdhamini mpwa wake kwa laki moja anaweza kudaiwa pengo lote, kwa sababu mpwa mwenyewe anadaiwa nyumba nzima. Akilipa, anaweza kumdai mpwa wake. Lakini kama mwenye nyumba na wapangaji walipandisha kodi bila ridhaa yake, hafungwi na madeni yanayotokana na mabadiliko hayo.

Kinga ipo kabla ya kusaini. Njia iliyo salama zaidi ni kila mwanafunzi kuwa na mkataba wake wa chumba chake. Mwenye nyumba akitaka mkataba mmoja, waombe sentensi hii iongezwe: “Kila mpangaji atawajibika kwa shilingi 100,000 kwa mwezi peke yake, wala hatadaiwa fungu la mwenzake.” Mdhamini naye aandike jina la mwanafunzi anayemdhamini, kiwango cha juu atakacholipa na tarehe ya mwisho ya udhamini.

Tarehe zinahitaji jicho pia. Masomo yakianza Novemba na kumalizika Julai, mkataba wa miezi 12 unaoanza Septemba unamlipisha mwanafunzi Septemba, Oktoba na Agosti bila masomo. Anaweza kuomba mkataba wa miezi tisa, au ruhusa iliyoandikwa ya kuingiza mpangaji mwingine wakati wa likizo. Maelewano hayo yakibaki mdomoni mwa dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja na kuondoka, itakuwa vigumu kuyathibitisha mbele ya mwenye nyumba.