Dondoo muhimu: Kupima wasifu wa afisa mifugo

Tangazo likitaka afisa wa kuchanja mbuzi na kondoo wilayani Longido dhidi ya sotoka, na mwombaji akaandika kwamba ana tajiriba ya miaka minne ya "chanjo ya mifugo", yafaa kwanza kutafuta ni mnyama gani hasa aliyemshika. Kwani aliyechanja kuku dhidi ya kideri, kwa tone moja jichoni, hajathibitisha kuwa aweza kudunga mililita moja chini ya ngozi ya mbuzi asiyetulia zizini.

Wasifu wa kuaminika hutaja mahali, idadi ya wanyama, na jinsi barafu ilivyohifadhiwa, kwa sababu chanjo ya sotoka ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na ikishayeyushwa haisubiri jua la adhuhuri. Anayedai kuwachanja mbuzi wale wale kila baada ya miezi michache aulizwe sababu, maana dozi moja hukinga kwa takriban miaka mitatu.

Ama leseni, nchini Tanzania cheti cha chuo hakitoshi: hakiki jina katika daftari la Baraza la Veterinari, na daraja lake pia, kwani msaidizi hana idhini yote ya daktari.