Usiwajibu "Muda Wowote"

Mwaliko wangu wa kwanza wa usaili niliujibu ndani ya dakika mbili: "Asante sana, niko tayari muda wowote." Nilidhani ndiyo heshima. Aliyeniandikia akanipangia saa ileile ya testi yangu ya haidrolojia. Nilipomwomba abadilishe, wanajopo wengine walishajaza ratiba zao, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Tangu siku hiyo mwaliko nausoma kama swali la mtihani.

Wa pili uliingia Jumanne 25 Machi 2025, kwa nafasi ya mafunzo kazini kwenye kampuni ya ushauri wa maji iliyoko Uingereza. Ulikuwa wa Kiingereza, aya moja tu. Usaili utakuwa kwa video, dakika 45. Jopo ni watu watatu: meneja wa kitengo, mhandisi mwandamizi na ofisa rasilimali watu. Wana nafasi Jumatano 2 Aprili au Alhamisi 3 Aprili, kati ya 09:00 na 12:00 kwa saa za Uingereza. Nijibu kabla ya Ijumaa nikieleza nitapatikana lini.

Swali lenyewe liko kwenye hiyo mistari miwili ya mwisho. Anayekuandikia kwa kawaida siye anayekuhoji. Kazi yake ni kupata muda mmoja ambao watu watatu wenye shughuli zao, pamoja na wewe, wote mko huru. Ukimwambia "muda wowote" hujampa kitu cha kupanga. Ukimpa muda mmoja tu na meneja hana nafasi hapo, mnaanza upya. Mpe vipindi viwili au vitatu vilivyo ndani ya siku alizotaja, kila kimoja kikiwa na mwanzo na mwisho.

Mimi Jumatano nilikuwa na testi saa tano hadi saa saba mchana, yaani 11:00 hadi 13:00. Nikapiga hesabu: Uingereza iko nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo testi ni 08:00 hadi 10:00 kwao, basi kuanzia 10:00 niko huru. Nikaandika hivyo. Kabla sijatuma, mwenzangu wa chumba, anayesoma jiografia, akachungulia akacheka. "We ndugu, wale Jumapili wanasogeza saa!"

Alikuwa sahihi. Uingereza husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatugusi saa zetu mwaka mzima. Siku ya mwaliko tofauti ilikuwa saa tatu kweli, lakini kuanzia Jumapili 30 Machi inakuwa saa mbili. Testi yangu ingekuwa 09:00 hadi 11:00 kwao, na 10:00 yao ni saa sita mchana yetu, nikiwa katikati ya karatasi. Ningerudia kosa lilelile, safari hii kwa hesabu.

Jumatano nilibakiwa na 11:00 hadi 12:00 tu, na usaili wa dakika 45 ungelazimika kuanza 11:15 kabisa. Kutoka kwenye testi saa saba kamili, kupanda ghorofa tatu na kufungua kompyuta kwa robo saa? Inawezekana, ila umeme ukikatika umekwisha. Nikaamua kuitaja ya pili, Alhamisi iwe ya kwanza. Kwa Kiswahili jibu lilikuwa hivi:

"Asante kwa mwaliko. Nitapatikana Alhamisi 3 Aprili, 09:00 hadi 12:00 saa za Uingereza (11:00 hadi 14:00 Dar es Salaam). Ikishindikana, Jumatano 2 Aprili kuanzia 11:15 saa za Uingereza. Nimeelewa kuwa ni dakika 45 kwa video. Je, nitahitajika kuandaa wasilisho?"

Niliandika saa zote mbili makusudi, ili kama nimekosea hesabu alione kosa mapema. Na tarakimu ni za mfumo wa saa 24, maana "saa nne" ya kwetu ukiihamisha kichwa kichwa inageuka kuwa 4:00.

Wasilisho halikuhitajika. Hapo dakika 45 zikaanza kunieleza jambo: toa kama tano za kutambulishana na kumi za maswali yangu, zinabaki thelathini. Jibu moja likichukua dakika nne au tano, ni maswali sita au saba, mawili hivi kwa kila mwanajopo. Vyeo vyao vikanionyesha pa kujiandaa: mhandisi atataka nilichofanya kwenye mafunzo ya vitendo, meneja namna ninavyofanya kazi na wenzangu, na ofisa rasilimali watu tarehe ya kuanza.

Siku ya pili uthibitisho ukaja: Alhamisi, 10:00. Nilipoubonyeza, kalenda ya simu ikaandika 12:00. Saa sita mchana. Nikampelekea mwenzangu simu ahakikishe, naye akadai soda.