Pampu Imeungua: Kuandika Ripoti ya Mafunzo Bila Kutafuta Mchawi

Mradi wa maji wa kijiji umekabidhiwa mwezi Juni. Oktoba pampu inaungua, watu wanarudi kuchota mtoni, na ofisi iliyosimamia mradi inatakiwa kuandika ripoti ya mafunzo kabla kipindi cha matazamio hakijaisha. Rasimu ya kwanza huja na sentensi ya namna hii: "Mkandarasi alifunga pampu kubwa kuliko uwezo wa kisima kwa kupuuza ushauri wa kitaalamu, hivyo makandarasi wawe makini zaidi." Sentensi moja imebeba tukio, sababu, hukumu na pendekezo, na msomaji hawezi kukagua hata kimoja. Mkandarasi naye akiisoma atajibu kwa barua ya kujitetea, na kuanzia hapo hakuna atakayesema ukweli wote.

Mradi huu nimeuunda kwa mfano, lakini una sura ya miradi mingi ya visima virefu vinavyotumia umeme wa jua. Tuuandikie ripoti yake upya, sehemu moja baada ya nyingine.

Sehemu ya kwanza ni kilichotokea tu. Hapa mwandishi hutumia karatasi kabla ya kumbukumbu za watu: fomu ya upimaji wa uwezo wa kisima, mihtasari ya vikao, hati ya mapokezi ya vifaa, kitabu cha maelekezo kilichokuwa eneo la ujenzi, na daftari la mhudumu wa pampu. Kila tukio hupewa tarehe na chanzo chake, na wahusika hutajwa kwa vyeo. Katika mradi wetu mfuatano unasomeka hivi. Kisima kilipimwa Aprili, masika yakiwa yameshika. Maji yalikuwa mita 31 kutoka juu pampu ikiwa imezimwa, na yalishuka hadi mita 48 pampu ya majaribio ilipovuta mita za ujazo 5 kwa saa. Pampu ya kudumu ilipangwa kuning'inizwa mita 60. Mwezi Mei kamati ya zabuni ilipunguza gharama, na kihisi cha kuzima pampu maji yanapopungua kikaondolewa kwenye mchanganuo wa gharama. Mwishoni mwa Septemba mhudumu aliandika kwamba bomba linatoa hewa na maji kwa kupokezana. Wiki iliyofuata pampu iliungua. Fundi aliyekuja alipima kisima na kukuta maji yako mita 44 kabla ya kuvutwa.

Hadi hapo hakuna neno "uzembe," wala "alipuuza," wala "alishindwa." Maneno hayo yanadai kwamba mwandishi anajua kilichokuwa moyoni mwa mtu. Kama kweli kulikuwa na ushauri ulioachwa, andika ushauri huo ulitolewa tarehe gani, kwa maandishi gani, na nani aliupokea. Ukikosa ushahidi huo, sentensi haina nafasi. Watu wakikumbuka jambo kwa namna mbili tofauti, andika zote mbili bila kuamua. Kisha, kabla ya kugusa sababu, wape sehemu hii wote waliotajwa waisahihishe. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa haraka ya kufunga mradi, nami naiona ndiyo inayobeba ripoti nzima: watu waliokubaliana juu ya tarehe na vipimo hukaa meza moja kuzungumzia sababu.

Sehemu ya pili ni kwa nini, na sasa vipimo vinaanza kusema. Aprili maji yalishuka mita 17 wakati wa kuvutwa. Tukichukua kwamba Oktoba yalishuka kiasi hichohicho, kutoka mita 44 yalifika mita 61, yaani chini ya pampu iliyokuwa mita 60. Pampu ikabaki inazunguka bila maji ya kuipoza, na hakukuwa na kihisi cha kuizima. Hiyo ndiyo sababu ya karibu inayodhaniwa, na ripoti nyingi huishia hapo.

Swali linalofuata lisiwe "kwa nini ulifanya hivyo," maana mtu akiulizwa hivyo hutafuta ngao. Muulize msanifu: siku ile ulikuwa na karatasi zipi mezani, na kwa karatasi hizo pampu ya mita 60 ilionekanaje? Atajibu kwamba fomu ilisema mita 48, naye aliongeza mita 12 za tahadhari. Fomu haina mahali pa kuandika msimu wa upimaji, wala makadirio ya kiwango cha kiangazi. Kamati ya zabuni nayo iliona kihisi kimeorodheshwa chini ya "vifaa vya ziada," na hakuna aliyejua pampu kati ya waliokaa siku hiyo. Mhudumu aliona hewa kwenye bomba, lakini mafunzo yake yalikuwa ya kuwasha, kuzima na kukusanya malipo. Upimaji uliangukia masika kwa sababu fedha zilichelewa kuingia, na uchimbaji ukasogea pamoja nazo.

Kwa kila sababu jaribu kipimo hiki: tungemweka mtu mwingine mwenye ujuzi uleule mahali pale, na karatasi zilezile, je, angefanya tofauti? Kama angefanya vilevile, sababu iko kwenye fomu, utaratibu au muda, na ndiko kwa kuchimba. Tenganisha pia kilichothibitika na kinachodhaniwa. Kushuka kwa maji kutoka mita 31 hadi mita 44 kumepimwa. Kwamba pampu iliungua kwa kukosa maji kunahitaji fundi aifungue na kuandika alichokiona ndani.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Vifaa vikiwa vimeibwa, au saini ikiwa ya kughushi, jambo hilo linakwenda kwa wakaguzi na vyombo vya sheria, nje ya ripoti hii. Mwenyekiti wa kikao cha kujadili sababu atangaze hivyo mwanzoni, na aseme wazi kwamba yatakayosemwa hapo hayatatumika kumwadhibu mtu. Kama uongozi hauwezi kutoa ahadi hiyo, ni heri kikao kisiitwe.

Sehemu ya tatu ni cha kubadilisha, na kila badiliko lifungwe kwenye sababu moja ya sehemu ya pili. "Makandarasi wawe makini" halina sababu linayoitibu. "Mafunzo zaidi" pekee nalo ni dhaifu, kwa sababu mhudumu aliyefunzwa akihama maarifa yanahama naye. Kwa mradi wetu ningeandika matatu tu. Fomu ya upimaji iongezwe mwezi wa upimaji na kiwango cha chini kinachotarajiwa kiangazi, kutokana na visima vya jirani, na mchoro wa pampu usipitishwe nafasi hizo zikiwa tupu. Kihisi kitoke kwenye vifaa vya ziada na kiandikwe kama sehemu ya pampu, kisichoondolewa bila saini ya mhandisi. Kwenye ukuta wa nyumba ya pampu ibandikwe karatasi inayosema hewa ikitoka bombani, zima, kisha piga simu kwa fundi wa wilaya.

Tatizo la fedha kuchelewa haliko mikononi mwa ofisi hii. Liandikwe kama sababu, lipelekwe kwa anayepanga bajeti, lakini lisihesabiwe kuwa badiliko lililokubaliwa. Kwa hayo matatu, kila moja lipate cheo cha mwenye kazi, tarehe, na hati itakayobadilika. Mwenye kazi awe amekaa kikaoni na kukubali mwenyewe. Mradi unaofuata ukianza, mtu wa kwanza kufungua fomu ya upimaji aangalie kama nafasi ya msimu imo. Isipokuwemo, ripoti haijafungwa, hata kama imeshawekwa kwenye jalada.