SOMO LETU: HERUFI NENE ZA TANGAZO LA KIJIJI

Hebu tuchukue mfano huu. Kijiji kina siku ya kuchanja kuku dhidi ya mdondo, tarehe 8. Dawa hiyo hudondoshwa jichoni. Chupa moja ni ya kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai siku nyingi. Kwa hiyo watu wote waje siku moja. Mtu akisoma 8 akadhani ni 3 au 6, kuku wake watabaki bila chanjo.

Tangazo litabandikwa kwenye ukuta wa ghala. Watu hupita barabarani, hatua kumi na mbili kutoka ukutani. Hizo ni kama mita 9. Je, tuchague herufi gani?

Kwanza tupate urefu wa herufi. Wachoraji wa vibao wana kanuni yao: kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2 na nusu. Mita 9 ni mita 3 mara tatu. Basi herufi zetu ziwe na urefu wa sentimita 7 na nusu. Kijana mwenye macho mazuri akisimama ataweza kusoma hata zilizo ndogo kuliko hizo. Lakini sisi tunamfikiria pia bibi, na mtu anayepita kwa baiskeli.

Sasa tuje kwenye unene. Wengi hudhani kwamba herufi ikizidi kunenepa ndiyo huonekana zaidi. Sivyo. Tazama herufi A, R na O, na tarakimu 6 na 8. Ndani yake mna tundu. Jicho hutambua herufi kwa wino na kwa tundu pia. Mstari ukinenepa mno, tundu hubanwa. Ukiwa karibu unaliona, ukienda mbali linajifunga. Hapo O huwa kama jiwe, na 8 hufanana na 6. Unene unaofaa ni kama sehemu moja ya tano ya urefu wa herufi. Kwa herufi yetu ya sentimita 7 na nusu, mstari uwe na unene wa sentimita 1 na nusu.

Kwenye duka la kuchapa, kompyuta ina aina nyingi za herufi. Mwambie mchapaji akuwekee Arial, kisha abonyeze B ili ziwe nene. Unene wake ni karibu sana na ule wa moja ya tano, na hazina vimkia kwenye ncha. Arial Black ni nene zaidi, na matundu yake ni madogo. Impact ni nene na nyembamba kwa upana, kwa hiyo huingia nyingi kwenye karatasi moja. Ndiyo maana wachapaji wengi huipenda. Lakini kwa tarehe hatuishauri, maana matundu ya 6, 8 na 9 ni kama nyufa tu. Tena mchapaji asibonyeze B juu ya hizo mbili. Zimeshanenepa tayari.

Ukubwa ukiwekwa 300, herufi kubwa za Arial hutoka na urefu wa kama sentimita 7 na nusu. Hata hivyo zipime kwa rula, usitegemee namba ya kompyuta peke yake.

Hapa tunakutana na tatizo la karatasi. Neno CHANJO kwa ukubwa huo halienei kwenye karatasi moja ya A3. Wengine hupunguza herufi, na tangazo halisomeki tena barabarani. Sisi tungeunganisha karatasi mbili za A3 kwa gundi, ubavu kwa ubavu. Tungeandika mistari mitatu tu ya kusomwa kutoka mbali:

CHANJO
KUKU
TAREHE 8

Saa, mahali na bei viandikwe chini kwa herufi za kawaida. Mtu akishaona hiyo mistari mitatu, atasogea mwenyewe ayasome hayo mengine.

Kabla ya kuchapa matangazo yote, chapa moja tu na ulibandike palepale ghalani. Usilijaribu wewe uliyeliandika. Wewe unajua maneno, na jicho lako litakudanganya. Mwite mtu asiyejua habari hiyo, hasa mzee, asimame barabarani asome kwa sauti. Akisita kwenye tarehe, tazama matundu kwanza. Kama yamejifunga, badilisha aina ya herufi. Kama yako wazi, basi herufi ni fupi. Ongeza urefu.

ZOEZI
1. Tangazo litasomwa kutoka mita 12. Herufi ziwe na urefu gani?
2. Mstari wa herufi hizo uwe na unene gani?
3. Chora 3, 6 na 8 kwa mkaa kwenye karatasi, kwa urefu na unene huo. Mpe jirani azisome akiwa mita 12.

(Majibu: 1. Sentimita 10. 2. Sentimita 2.)