Mkia mmoja au miwili?

Swali: Mwanafunzi amepima magunia 16 ya "kilo 50": wastani 48.5, mchepuko sanifu 3. Kaandika H₀: μ = 50, H₁: μ < 50, t = −2.0, kwa kiwango cha 5% kalinganisha na −2.131, kisha: "H₀ ni kweli." Nisahihisheje? – Mwalimu, Lorugum

Jibu: Mwalimu, dhana zake ni sawa, na t pia: −1.5 ÷ (3 ÷ √16) = −2.0. Kateleza kwenye jedwali. 2.131 ni ya mikia miwili; H₁ yake ina mmoja, na kwa digrii huru 15 mpaka ni −1.753. −2.0 imeuvuka, hivyo H₀ inakataliwa.

Mkate alama ya mpaka tu. Uamuzi wake unafuata mpaka aliouchagua, nami ningeuheshimu, ila maneno "ni kweli" siyapi alama: angeandika hakuna ushahidi wa kutosha kwamba wastani uko chini ya kilo 50.