Maumivu ya Korodani Baada ya Kufunga Kizazi: Yapi ya Kusubiri, Yapi ya Kumpigia Daktari

Upasuaji wa kufunga kizazi kwa mwanamume, uitwao pia vasektomi, huchukua takriban nusu saa, na mteja hurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari huchoma sindano ya ganzi kwenye ngozi ya mfuko wa korodani, hufungua tundu dogo, huivuta nje mirija miwili inayopitisha mbegu za kiume, huikata, kisha huziba ncha zake. Korodani zenyewe hazikatwi wala hazichomwi. Kwa sababu hiyo wanaume wengi hushangaa kuona kwamba zinazouma jioni ile ni korodani, wala si kidonda kile kidogo.

Jibu liko katika umbile. Mrija wa mbegu umefungamana ndani ya kamba moja na mishipa ya damu na ya fahamu iendayo kwenye korodani, na kamba hiyo hupanda hadi kinenani. Daktari anapouvuta mrija, vyote vilivyo kwenye kamba huvutika pamoja nao, kama ndoo inavyotikisika kisimani kamba yake inapoguswa juu. Maumivu ya siku za mwanzo basi ni mazito na ya kuvuta, huanzia korodanini na wakati mwingine hufika tumboni chini ya kitovu. Wengi huyaita ngiri, na wako waliokunywa dawa za mizizi kwa kudhani hivyo, ilhali hayana uhusiano wowote na ngiri.

Mfano wa fundi mwashi aliyefanyiwa upasuaji Ijumaa asubuhi unaweza kuonyesha mwenendo wa kupona. Ganzi yake iliisha kabla ya alasiri, maumivu yakaanza. Alimeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500, akarudia kila baada ya saa sita, bila kuzidisha vidonge vinane kwa siku nzima. Aspirini aliambiwa aiache, kwa kuwa huizuia damu kuganda. Alilala chali, akavaa chupi ya kubana mchana na usiku ili korodani zisining'inie, na mkewe akamwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara. Pasipo barafu, mfuko wa plastiki uliojazwa maji baridi hufaa, mradi kidonda kibaki kikavu.

Jumamosi ngozi ya korodani ilikuwa imevilia damu, na weusi ukashuka hadi kwenye shina la uume. Alama hiyo hutisha kuliko inavyodhuru, nayo hufifia ndani ya wiki moja au mbili. Kila upande alihisi pia kivimbe kidogo kama punje ya njegere, pale mrija ulipozibwa. Jumapili maumivu yalipungua, Jumatatu yakapungua zaidi. Huo ndio mwenendo unaotarajiwa: kila siku iwe nafuu kuliko ya jana, hata kama nafuu yenyewe ni ndogo.

Kosa lilitokea Jumanne. Akijiona amepona, fundi alibeba mifuko miwili ya saruji, kila mmoja kilo 50, ingawa alikuwa ameambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki nzima. Usiku ule upande wa kushoto ulianza kuuma upya, na kulipokucha mfuko wa korodani ulikuwa na uvimbe mgumu wenye ukubwa wa chungwa. Mshipa mdogo wa damu ulikuwa umefunguka tena. Mfuko wa korodani ni mlegevu, hauna nyama ya kuubana mshipa unaovuja. Ndiyo maana damu kidogo tu huweza kuujaza. Jirani mmoja alisema ni busha. Lakini busha hukua polepole kwa miezi, halitokei kwa usiku mmoja.

Alimpigia daktari asubuhi hiyo. Aliulizwa uvimbe ulianza saa ngapi, kama bado unakua, kama ana homa, na kama anapata mkojo vizuri. Kisha akaambiwa aende hospitalini siku hiyo hiyo. Uvimbe ulionekana umesimama, hivyo alipewa dawa ya maumivu, akaamriwa apumzike, na akapangiwa kurudi baada ya siku mbili. Damu ya namna hiyo hunyonywa na mwili yenyewe kwa wiki kadhaa. Ingekuwa inaongezeka, angerudishwa chumba cha upasuaji ili mshipa ufungwe. Alifanya vyema kutoukanda kwa maji ya moto, kwa kuwa joto na kukanda huzidisha kuvuja, na sindano ya kunyonya damu nyumbani ingeingiza vijidudu.

Damu kuvilia kwa kiwango hicho, na maambukizi ya kidonda, humpata kama mtu mmoja au wawili katika kila mia kwa kila tatizo. Maambukizi hujitokeza zaidi kati ya siku ya tatu na ya saba. Ngozi huwa ya moto, hung'aa na kukaza, kidonda hutoa usaha, na homa hufika nyuzi 38 au zaidi. Mwenye dalili hizo ampigie daktari siku hiyo hiyo, asinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Ngozi ikigeuka nyeusi na kutoa harufu mbaya, au maumivu makali yakianza ghafla pamoja na kutapika na korodani kupanda juu, hakuna simu ya kusubiri kujibiwa: aende hospitalini saa ile ile, hata ikiwa usiku wa manane.

Yako maumivu mengine ambayo huja wiki au miezi baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi kazini. Korodani huendelea kutengeneza mbegu, nazo zikikosa njia hunyonywa na mwili. Kabla mwili haujazoea, kifuko kilicho nyuma ya korodani huweza kujaa na kuuma, hasa baada ya tendo la ndoa. Mara nyingi chupi ya kubana na dawa ya maumivu kwa wiki chache hutosha. Yakidumu zaidi ya miezi mitatu, au yakimzuia mtu kufanya kazi au kukutana na mkewe, hayo si ya kuvumilia kwa aibu. Katika kila wanaume mia waliofunga kizazi, mmoja au wawili hupata maumivu sugu ya kiwango hicho. Daktari huwapima, kwanza huwatibu kwa dawa, na wachache hufanyiwa upasuaji mwingine. Ni haki ya mteja kuelezwa jambo hili kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa.

Tendo la ndoa linaweza kurejewa baada ya wiki moja, maumivu yakiwa yamekwisha. Manii ya mara za kwanza huweza kuwa na damu kidogo. Kupona kidonda, hata hivyo, si kinga ya mimba. Mbegu zilizotangulia mbele ya mrija uliozibwa bado zipo, kwa hiyo njia nyingine ya uzazi wa mpango itumike kwa miezi mitatu, na hadi kipimo cha manii kithibitishe kuwa zimekwisha.

Namba ya daktari iandikwe kwenye kadi kabla mteja hajatoka hospitalini, na mkewe awe nayo pia. Anayepiga simu ataje tarehe ya upasuaji, upande unaouma, na kama maumivu leo ni makubwa kuliko jana. Simu isipopokelewa, aende kituo cha afya kilicho karibu na kadi hiyo mkononi.