Dondoo muhimu: Ngeli bila kukariri

Watoto wa Nyahanga, Kahama, waliokuja shuleni na Kisukuma cha nyumbani, wanaweza kugundua wenyewe kwa nini hatusemi "kiboko kikubwa kimekuja".

1. Andika ubaoni: Kisu kikubwa kimepotea. Kikombe kikubwa kimepotea. Usitaje ngeli, uliza nini kinajirudia.
2. Kisha ongeza: Kiboko mkubwa amepotea. Kifaranga mdogo amepotea. Nyamaza hapo, maana walimu wengi hujijibu wenyewe.
3. Wakisema "ni wanyama", andika: Kiongozi amefika. Wakisema "vyenye uhai", andika: Kichaka kimekauka. Waache wabishane, hata kwa Kisukuma, mpaka wafikie "watu na wanyama".
4. Pima kwa neno jipya: kipepeo. Mtoto akisema "kipepeo kizuri", mrudishe kwenye sentensi za ubaoni, si kwenye kanuni.
5. Sentensi kama "Kitoto kinalia", subiri nayo. Udogishaji ni somo la siku nyingine.